Kutafuta jina la deikea na nasari hapa Tanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa kila mara na walimu wenzangu na akina dada wanaotaka kufungua kituo, wengine wananipigia simu, wengine wananisimamisha sokoni Mgandini na mfuko wa nyanya mkononi. Nimeyapanga kuanzia yale ya mwanzo mpaka yale magumu. Kama jibu lipo kwenye swali lingine ntakuelekeza huko, sitalirudia.

## Ya mwanzo

1. Hivi jina lina kazi gani hasa? Si mzazi anakuja kwa sababu ni karibu na kwake?

Ukaribu ni kweli ndo unaoleta wengi. Lakini angalia mzazi anavolipata jina lako. Halioni kwanza, analisikia. Anamuuliza jirani "we mwanao unampeleka wapi?" na jirani anataja neno moja au mawili huku anafua, basi. Hapo hapo kichwani kwa yule mama inaingia picha, na picha ile ndo itaamua kama kesho atapita kwako kuangalia au atapita moja kwa moja.

Mama wa mtoto wa miaka miwili, aliyemaliza likizo na anarudi kazini roho ikiwa juu, ana maswali matatu tu moyoni. Akilia kuna wa kumbeba? Atarudi mzima? Atajifunza kitu au atashinda amekaa kwenye mkeka? Joto, usalama, kujifunza. Ukitafuta jina unatafuta neno litakalomjibu hayo kabla hajaonana na wewe.

2. Kwahiyo jina moja libebe joto, usalama na elimu vyote pamoja?

Hapana, na hapa ndo wengi wanapoharibu. Wanarundika maneno mpaka jina linakuwa kama hotuba, "Nuru ya Matumaini Mema Deikea Senta", na likishakuwa refu hivo watu wanalikata wenyewe, wanachagua kipande wanachotaka wao na wewe huna usemi tena.

Ninachoshauri mimi ni kugawa kazi. Jina la mbele, neno moja au mawili, libebe joto, kwa sababu joto ndo linalohitaji kusikika kwenye neno lenyewe. Chini yake weka mstari wa maelezo unaosema wewe ni nani, mfano "Malezi ya mchana na elimu ya awali", huo ndo ubebe kujifunza. Usalama kidogo unaweza kukaa kwenye jina, ila sehemu kubwa unakaa kwenye namba ya usajili iliyoandikwa kwenye bango na kwenye kile mzazi anachokiona akifika getini (tazama swali la 15). Ukigawa hivo hata kuchagua kunakuwa rahisi, maana hutafuti tena neno la ajabu linaloweza kila kitu.

Na usijione mzito ukichelewa kupata neno. Mjerumani Friedrich Fröbel alifungua kituo chake cha watoto mwaka 1837, akakaa nacho bila jina linalomridhisha mpaka 1840 ndo akapata Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Miaka mitatu. Na ukiangalia vizuri neno lile halisemi shule wala masomo, linasema mahali ambapo kitu kichanga kinamwagiliwa kikue, na ndo maana limezunguka dunia nzima.

3. Nasari, deikea, chekechea, awali, vidudu: niandike lipi?

Kila moja mzazi analisikia tofauti. Deikea kwa watu wa hapa ni kuangaliwa, mtoto mdogo kabisa, anakula, analala, anabadilishwa nepi. Nasari ni sare, begi na kuimba a e i o u. Awali ni neno la serikali, darasa linalotangulia darasa la kwanza. Chekechea linaeleweka na wote ila linasikika la zamani kidogo. Vidudu ni tamu mdomoni, bibi zetu bado wanasema "kaenda vidudu", lakini kwenye bango mzazi kijana anaona mtoto wake ameitwa mdudu, liache libaki la kuongea.

Kama unachukua wa miaka miwili mpaka mitano, kwenye mstari wa chini taja vyote viwili, malezi ya mchana na awali. Ukiandika nasari peke yake utapoteza mama mwenye kichanga anayedhani humchukui, ukiandika deikea peke yake utapoteza mtoto akifika miaka minne, mama anasema "sasa amekua, nimtafutie shule", wakati darasa unalo. Ila usiandike awali kama hujasajiliwa kwa hilo, tazama swali la 11.

Neno la kuwa nalo makini sana huku pwani ni chuo. Kwa mtu wa Tanga "mtoto kaenda chuo" maana yake kaenda madrasa. Mgeni kutoka bara anaweza kuandika "chuo cha watoto wadogo" akidhani amekipandisha hadhi, halafu akashangaa wazazi wanamuuliza ustadhi ni nani.

4. Jina liwe la Kiswahili au la Kiingereza?

Kama unafundisha kwa Kiingereza na wazazi wako wanataka hivo, la Kiingereza linaweza kukufaa, sina ugomvi nalo. Ila lipitishe mdomoni kwa watu watakaolitumia. Dereva wa bodaboda, bibi anayemfuata mtoto saa nane, dada wa kazi. Nimesikia jina la Kiingereza la nyota wadogo likitamkwa kwa namna nne kwenye mtaa mmoja, na majina ya aina hiyo yako mengi kiasi kwamba mzazi akiambiwa "Litol" fulani hajui ni kile cha Chumbageni au kile cha Mikanjuni.

Kingine, watoto wanaanza kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu. Jina la Kiswahili kama Kiota mtoto wa awali anaweza kulisoma mwenyewe kwenye geti, ki-o-ta, na siku akilisoma mbele ya baba yake umeshamwonyesha kazi yako bila kusema neno. Jina la Kiingereza halimpi nafasi hiyo mapema maana linaandikwa vingine na kusomwa vingine.

## Maneno na yanavosikika masikioni

5. Nimependa Tumaini, Faraja au Huruma. Yana shida gani, si ni maneno mazuri?

Ni mazuri, tatizo ni wapi watu wamezoea kuyakuta. Faraja unampa mtu aliyefiwa. Huruma unamwonea aliyepungukiwa. Na maneno haya, pamoja na Tumaini, yamekaa miaka mingi kwenye makao ya yatima, zahanati na vituo vya wagonjwa. Mama anayekuachia mtoto ana wazazi wote wawili na analipa ada, hataki kusikia kama mwanae anaonewa huruma.

Jinsi ya kujua kama neno lina kivuli cha namna hiyo ni kulitaja peke yake bila maelezo. Mwambie mtu "kuna sehemu imefunguliwa inaitwa hivi, unadhani ni sehemu gani?" Usimwambie ni ya watoto. Ukimwambia atakujibu "zuri" kwa heshima tu, usipomwambia atakujibu kilichoko kichwani.

6. Na Malaika?

Wengi wanalipenda, na linakubalika kwa Waislamu na Wakristo. Ila mtoto mchanga akifariki tunasema amekwenda kuwa malaika. Kwa mama aliyewahi kupoteza mtoto neno hilo kwenye geti la sehemu anayomwacha aliyebaki si jepesi. Mimi nililiacha kwa sababu hiyo tu, baada ya mama mmoja kuniambia taratibu, bila hasira, kwamba kila asubuhi analisoma na kifua kinambana. Mwingine atakwambia halina neno, na kwake halina. Lakini maneno mengine yapo tele, kwanini uchague linaloumiza hata mmoja.

7. Amani je?

Kwa Tanga linachanganya. Amani ni sehemu, iko Muheza, kule juu kwenye msitu wa Usambara Mashariki. Ukisema "kituo cha Amani" mtu anadhani ni cha huko mlimani. Kwingine nchini halina shida hiyo.

8. Kuna maneno mengine ya kuchunguza kabla?

Chipukizi, maana CCM ina chipukizi wake na mzazi wa upande mwingine atajiuliza. Mbuyu, kwa sababu ingawa ni mti wa kivuli na wa heshima, huku kwetu watu wanauhusisha na mizimu, na bibi hatakubali mjukuu wake alale mchana "mbuyuni". Maneno ya kuogopesha kwa ukali kama Simba au Jeshi hayana joto. Na methali ya "samaki mkunje angali mbichi", watu wanaiweka kama kaulimbiu chini ya jina bila kufikiri, isome tena kama mama wa mtoto wa miaka miwili: mnamkunja mwanangu?

Maneno yenye joto mara nyingi ni ya vitu vinavyomgusa mtoto mwilini: kiota, bembea, susu, mbeleko, mkeka, kivuli, mapajani. Ukisikia tu unaona mtoto yuko wapi. Linganisha na Ubora, Mafanikio, Maarifa. Hayo ni mazuri kwa sekondari, hayana mkono wa kubeba.

9. Matamshi yana umuhimu gani kwa watoto wadogo namna hii?

Yana umuhimu mpaka kwenye usalama, na hili ningependa kila mwenye kituo alifikirie. Mtoto wa miaka mitatu akipotea sokoni Mgandini au kwenye umati pale Tangamano, msamaria atamuuliza mambo mawili, "mama yako anaitwa nani" na "unasoma wapi". La kwanza atajibu "mama". La pili, kama jina la kituo chako liko mdomoni mwake, limemrudisha nyumbani.

Kwahiyo chagua sauti ambazo mtoto anazipata mapema: m, b, p, n, t, k, na irabu zilizo wazi. Epuka dh, th, gh na r nyingi, maana Fadhila atasema Fazila au Fajila, na Dhahabu sijui itatoka nini. Silabi mbili mpaka nne zinatosha. Alafu jaribu kwa kweli, kaa na watoto watano, waambie neno mara mbili, kesho yake waulize. Likirudi lina kasoro ndogo lakini mtu mzima analitambua, limefaulu.

## Mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho

10. Unaweza kutuonyesha mlivochagua jina kweli kweli, hatua kwa hatua?

Ntaeleza la dada mmoja wa Makorora niliyekaa naye mwaka aliotaka kufungua. Nyumba ya vyumba vitatu, ua wenye mwembe, kisima kilichofunikwa kwa zege, watoto wa kuanzia miaka miwili. Alikuja na jina tayari, la Kiingereza, lenye maneno manne. Nikamwambia tuliweke pembeni kwanza, tusilitupe.

Kwanza nilimuuliza mtoto akilia asubuhi unafanyaje. Akasema "namfunga kanga mgongoni naendelea na kazi, akilala namlaza." Nikamwambia hapo ndo tuanzie, maana jina lazima litoke kwenye kitu unachokifanya kweli. Tukaandika maneno kwenye karatasi kama ishirini, tukabaki na matatu: Kiota, Bembea na Mbeleko.

Siku ya pili tukafanya lile jaribio la swali la 5. Tukauliza akina mama kenda, wengine kwenye foleni ya maji, wengine wauza samaki, na bibi wawili. Bembea wengi walisema ni bustani ya michezo, sehemu ya Sikukuu, watoto wanaenda jioni na kurudi. Furaha ipo, ila hakuna aliyesema mtu analea pale. Kiota kilisikika vizuri, ila wawili walidhani ni gesti, na kwa kituo cha watoto hata hao wawili ni wengi. Mbeleko, karibu wote waliinua mkono wakapapasa mgongo wao wenyewe kabla hawajajibu. Sijasahau ile mikono.

Lakini Mbeleko nayo ilikuja na mambo yake. Bibi mmoja alicheka akasema "mnadai mahari?", kwa sababu huku kwetu ubeleko ni ile zawadi anayopewa mama wa bibi harusi kwa kumbeba binti yake mgongoni. Tukakaa tukalijadili hilo. Tukaona halidhuru, tena linaongeza, maana ubeleko ni shukrani kwa aliyelea. Tatizo la pili likawa kubwa zaidi kidogo: mama mmoja kijana, mgeni wa mji, hakulijua neno kabisa. Hapo tukaamua bango lichorwe mama mwenye mtoto mgongoni, mchoro rahisi wa mistari, ili asiyejua neno alione.

Jaribio la tatu ni watoto. Wanne kati ya watano walisema "beleko", mmoja "meleko". Likapita.

La mwisho ni simu. Nilimpigia mtu niko kwenye daladala ya kwenda Pongwe, kelele tupu, nikasema jina mara moja nikamwomba aliandike. Akaandika sawa. Lile la Kiingereza la mwanzo alilikosea maneno mawili kati ya manne.

Kilichobaki kilikuwa elimu, na neno mbeleko halisemi elimu hata chembe. Ndo tukaweka mstari wa chini, na kwa kuwa wakati ule hakuwa na darasa la awali tukaandika "Malezi, michezo na kujifunza kwa watoto wadogo". Neno kujifunza lilikuwa la kweli kwa sababu alikuwa na kona ya vitabu, mchanga, vizibo vya kuhesabia na ratiba ukutani. Bila hivo nisingemruhusu aliandike.

## Usajili

11. Nikishasajili jina BRELA nimemaliza?

Hujamaliza, na kuchanganya haya kumewaumiza wengi. BRELA inasajili jina la biashara, hailindi wala haikagui watoto. Unaingia kwenye mfumo wao wa mtandaoni, `ors.brela.go.tz`, ukiwa na namba yako ya NIDA, unaangalia kwanza kama jina lipo, ndo unaomba.

Kituo chenyewe cha kulelea watoto wadogo mchana kinasajiliwa kupitia Ustawi wa Jamii kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, unaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Na shule ya awali ni habari ya Wizara ya Elimu, kwa Sheria ya Elimu ya 1978. Kwahiyo neno shule au shule ya awali kwenye bango ni dai, unasema una usajili wa shule. Kama huna, andika malezi ya mchana, andika michezo na kujifunza, yote ni kweli na hayakuingizi matatani. Mzazi akigundua kwamba "shule" yako si shule, ataacha kuamini na lile neno la usalama.

Jina liwe lile lile kila mahali, herufi kwa herufi, kwenye BRELA, kwenye fomu za ustawi, TRA, leseni na akaunti ya benki. Mbeleko hapa na Mbereko pale ni safari za bure za kwenda kusahihisha.

12. Nimeambiwa jina linafanana na lingine. Niongeze namba au "Tanga" mwisho?

Namba usiweke, jina la mbele likifuatiwa na 2 linamfanya mzazi aulize la kwanza liko wapi na lilifanya nini. Kuongeza Tanga inaweza isitoshe kama neno kuu ni lile lile na kazi ni ile ile. Afadhali uunganishe maneno mawili yanayoleta picha moja. Kama Kiota kimechukuliwa, fikiria kiota cha nini, kipo wapi, ndege gani. Ukiweka neno la pili kwa sababu tu unalazimishwa litasikika hivo hivo.

13. Mwingine anaweza kunichukulia jina langu baada ya kulisajili?

Jina la biashara linakupa ulinzi mdogo. Ukitaka ulinzi wa kweli kuna usajili wa alama ya biashara, nao uko BRELA kwa Tanzania Bara, Zanzibar wana usajili wao. Hapa kuna jambo wengi hawalijui: kwenye mpangilio wa kimataifa wa alama, shule za nasari ziko daraja la 41 pamoja na elimu, lakini deikea ziko daraja la 43, daraja moja na hoteli na migahawa. Anayefanya vyote viwili akilinda daraja la 41 tu, upande wa kulea umebaki wazi. Alama inadumu miaka 7 ya kwanza, alafu unahuisha kwa miaka kumi kumi.

Kwa kituo kimoja chenye watoto ishirini mimi singekuambia uanze na hili. Anza nalo ukifikiria tawi la pili.

## Bango na sare

14. Urefu wa jina unaathiri bango kiasi gani?

Piga hesabu. Bango la futi 8 lina upana wa sentimita 240 hivi. Mbeleko ni herufi 7, kila herufi inapata kama sentimita 34 pamoja na nafasi yake. Lile "Nuru ya Matumaini Mema Deikea Senta" ukihesabu na nafasi ni 35, kila herufi inapata chini ya sentimita 7. Baba aliyeko kwenye baiskeli, na Tanga baiskeli ndo usafiri wa wengi, hasomi ya sentimita 7 akiwa upande wa pili wa barabara. Ukilivunja mistari mitatu litaingia, ila sasa umemaliza bango zima na namba ya usajili na ya simu vimekosa pa kukaa.

Kwenye rangi, fundi atakuletea kila rangi aliyonayo. Mwambie herufi za giza juu ya rangi nyepesi, herufi ndogo za duara badala ya kubwa tupu, kwa sababu ndo herufi watoto wanazojifunza kusoma.

15. Nataka jina lenye neno Salama. Unaonaje?

Ni neno la kweli kama ua wako ni wa kweli. Ngamiani nilimsindikiza mama kwenye kituo kilichoitwa kwa neno hilo, sitakitaja zaidi. Geti lilikuwa limefungwa kwa kamba. Ndani kulikuwa na kisima, mfuniko wake bati lililowekewa tofali juu. Yule mama alisoma bango, akaangalia tofali, akamhamisha mtoto kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, tukatoka. Kama kile kituo kingekuwa na jina lingine nadhani angeuliza kwanza. Salama ndo lilimfanya aangalie kisima.

Ukilichagua, hakikisha mambo matatu yanaonekana tangu getini: komeo ambalo mtoto halifikii, daftari la anayemchukua mtoto na saa, na maji yaliyofunikwa kwa kitu kisichoinuliwa na mtoto.

16. Niandike jina la kituo na la mtoto kwenye sare?

La kituo na namba ya simu ndio, kwa sababu ya swali la 9. La mtoto liwe ndani ya kola. Mtu asiyemjua akimwita kwa jina mtoto anamwamini.

## Kesi ngumu

17. Nikiite kwa jina la mtaa?

Mimi nilifanya hivo na yalinikuta. Kituo changu cha kwanza nilikipa jina la mtaa, wazazi wakakijua haraka kweli. Mwaka wa tatu mwenye nyumba akaitaka nyumba yake, nikapata nyingine Sahare. Nikabaki na jina la mtaa wa upande mwingine wa mji, kila mzazi mpya anauliza kwanini, wengine wakidhani ni tawi. Kama una nyumba yako mwenyewe jina la mtaa ni sawa, kama umepanga liache.

18. Watu wataniita "kwa Mama fulani" hata nikiweka jina gani. Nisiweke tu jina langu?

Ni kweli wataita hivo, na ni heshima, usipigane nayo. Lakini la bango liwe lingine, kwa sababu siku mwalimu mwingine akiwa zamu, au ukiumwa, au ukitaka binti yako aendeleze, mzazi aliyeletwa na jina lako ataona ameachwa na mtu mwingine. Kumuenzi marehemu mama yako pia inawezekana kwa chumba, "chumba cha Bibi fulani", kuliko jina zima.

19. Naweza kuandika Montessori?

Jina hilo halimilikiwi na mtu mmoja, limetokana na Maria Montessori aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907. Lakini mzazi anayelijua atakuuliza mwalimu kasomea wapi na ataangalia kama vifaa viko kwenye rafu za kimo cha mtoto. Kama mwalimu hakusomea, usiliandike.

20. Kituo kina miaka minne na jina baya. Nibadilishe?

Kwanza chunguza ubaya wake. Kama halina joto tu lakini wazazi wanakuamini, badilisha mstari wa chini na mchoro, jina liache, maana imani yao imeshaingia humo. Kama linapotosha (shule wakati si shule) au linaumiza, badilisha, na ufanye wakati wa likizo ya Desemba ili Januari watoto waingie na jina jipya. Waambie wazazi wa sasa kabla bango halijapandishwa, kwa mdomo, mmoja mmoja wanapokuja kuchukua watoto, kwa sababu jina likibadilika ghafla wanadhani umeuza kituo. Bango la zamani libaki kwa mwezi hivi chini ya jipya likiwa limepunguzwa. Alafu wafundishe watoto jina jipya kwa wimbo wa asubuhi, na usiondoe lile la zamani mpaka mtoto mdogo kuliko wote, ukimuuliza unasoma wapi, anataja jipya.